Usinitajie Kiwango, Nionyeshe Jumla

Leo naongea na watoto wa chai. Wewe wa Litein, wa Mogogosiek, wa Kapkoros, wa Tirgaga, na wewe uliye Nairobi lakini karo yako ilitoka kwa majani mabichi. Leo nakula kichwa cha wanakamati, wahasibu wa vikundi, na sisi wenyewe pia.

Kila mwaka stori ni moja. Mwaka wa hesabu wa KTDA unaisha tarehe 30 Juni, kisha kati ya Septemba na Oktoba viwango vya bonasi vinaanza kutoka. Dakika hiyo hiyo Wasapu inawaka. Kiwanda hiki kimelipa ngapi kwa kilo? Wa Kirinyaga wamepata ngapi? Mbona sisi huku kidogo? Mwaka wa 2025 hasira ilitoka kwa simu ikaingia barabarani, wakulima wa Kericho na Bomet wakaandamana kwa sababu bonasi ilishuka vibaya.

Hasira hiyo naielewa. Lakini hapo kuna vita viwili, na sisi tunapigana kimoja tu. Vita vya kwanza ni ukubwa wa kapu: bei ya mnada wa Mombasa, gharama za kiwanda, madeni, na kwa nini mashariki ya Bonde la Ufa hupata zaidi ya magharibi. Vita vya pili ni kugawa kapu lenyewe. Pesa ikishajulikana ni ngapi, je, mafungu yote yakijumlishwa yanafika pale pale? Hayo ndiyo hakuna mtu anauliza. Mtu anasimama mbele ya mkutano anasema "tutalipa shilingi kadhaa kwa kilo," watu wanapiga makofi au wanapiga kelele, kila mtu anaenda nyumbani.

Mimi nasema hivi: kiwango peke yake si hesabu, ni tangazo. Hesabu ya kugawa ina namba tatu, na zote zinafaa kubandikwa ukutani: kapu lilikuwa na pesa ngapi, limegawiwa juu ya jumla gani ya kilo au pointi, na mafungu yaliyolipwa yakijumlishwa moja moja yanafika ngapi. Namba ya kwanza na ya tatu zisipolingana, mkutano haujaisha.

Najua utasema kiwanda ni kikubwa, wewe ni nani. Sawa, tushuke chini. Huku kwetu bonasi haigawiwi kiwandani tu. Kuna namba moja ya chai inayobeba ndugu wanne, kila mmoja na mistari yake shambani. Kuna mbogi ya vijana wanaopogoa na kuchuma kwa mkataba, mwisho wa mwaka wanagawana kilichobaki kwa pointi. Kuna wafanyakazi wanaopewa bonasi kulingana na mshahara. Hesabu ya hao wote ni ile ile. Niliacha chuo mwaka wa pili, na nakuambia hii haihitaji digrii. Ni ya shule ya msingi.

Tuchukue mfano wangu wa kutunga. Wachumaji watano wana kapu la shilingi 50,000. Wamekubaliana siku moja ya kazi ni pointi moja. A ana pointi 112, B ana 97, C ana 84, D ana 61, E ana 49. Jumla ni 403. Ukigawa 50,000 kwa 403 unapata shilingi 124.0694 na senti za mkia zisizoisha kwa kila pointi.

Hapo ndipo ujanja wa kwanza unaingia, mara nyingi bila nia mbaya. Mwenye kalamu anaona hizo desimali zinamsumbua, anasema "wacha tuite 124." Kila mtu anapata pointi zake mara 124. Jumlisha: 403 mara 124 ni 49,972. Shilingi 28 zimebaki kwa meza. Mwingine anasema tuwe wakarimu, tuite 124.10. Sasa jumla ni 50,012.30, na mtu atatoa hiyo tofauti mfukoni mwake ama wa mwisho kwenye foleni atapunjwa.

Shilingi 28 ni pesa ya nini, unauliza. Si hata nauli. Sawa, sasa peleka tabia hiyo hiyo kiwandani. Mfano wangu tena: kapu la shilingi 208,900,000 juu ya kilo 12,000,000. Kiwango halisi ni 17.4083 kwa kilo. Wakitangaza 17.40, wanalipa 208,800,000 na laki moja inabaki. Wakitangaza 17 mviringo kwa sababu inasikika vizuri kwa redio, wanalipa 204,000,000. Zimebaki shilingi 4,900,000. Wewe umeona senti arobaini kwa kilo. Wao wameona karibu milioni tano.

Simaanishi imeibiwa. Kubeba baki kwenda mwaka unaofuata kunaweza kuwa sawa kabisa, bora iandikwe: tulikuwa na hizi, tumelipa hizi, tumebeba hizi. Kile sikubali ni baki isiyo na jina. Pesa isiyo na jina hupata mwenyewe haraka sana.

Kwa hivyo sheria ya kwanza: usikate senti kwenye kiwango. Acha kiwango na desimali zake zote, kata kwenye fungu la mtu, mwisho kabisa. Kwa wale wachumaji watano mafungu kamili ni haya: A 13,895.78, B 12,034.74, C 10,421.84, D 7,568.24, E 6,079.40. Sasa mpe kila mtu shilingi nzima bila senti: 13,895, 12,034, 10,421, 7,568 na 6,079. Jumlisha, unapata 49,997. Zimebaki shilingi tatu.

Hizo tatu hazinunui mandazi ya mweka hazina. Zinarudi kwa wale waliokatwa senti nyingi zaidi. C alikatwa senti 84, A senti 78, B senti 74. Kila mmoja anaongezwa shilingi moja. Mwisho: A 13,896, B 12,035, C 10,422, D 7,568, E 6,079. Jumlisha tena kwa mkono. Elfu hamsini kamili, na hakuna mtu aliyechagua nani apendelewe, senti ndizo zimechagua.

Kutoka hapo unapata rungu la kunyamazisha kisingizio maarufu kuliko vyote: "hiyo tofauti ni ya kukata senti tu." Fikiria. Ukikata senti za mtu, unamkata chini ya shilingi moja. Watu watano hawawezi kukatwa zaidi ya shilingi tano kwa pamoja. Watu 200 hawawezi kukatwa zaidi ya 200. Tofauti ikizidi idadi ya watu, si senti. Ni kitu kingine, na mtu anafaa kukaa chini akitafute.

Na kitu hicho huwa kinaacha alama. Hii ndiyo sehemu naipenda sana.

Tuseme kulikuwa na F. Alifanya kazi siku 37, akaenda Nairobi mwezi wa tatu. Kikundi kimekubaliana aliyeondoka hapati. Jina lake limefutwa kwenye orodha ya malipo, lakini pointi zake zimesahaulika kwenye jumla. Kwa hivyo kapu limegawiwa kwa 440 badala ya 403. Kila pointi sasa ni shilingi 113.64 hivi. Watano wanalipwa, kila mtu anasaini, hakuna aliyeona kitu kwa sababu kila mtu amezidisha pointi zake kwa kiwango kilichotangazwa na imelingana. Lakini jumla ya mafungu ni 45,795.45. Zimepotea 4,204.55.

Chukua hiyo tofauti uigawe kwa kiwango cha pointi moja. Unapata 37. Ni pointi za F, zimesimama pale zinakupungia mkono. Tofauti ikigawanyika na kiwango ikakupa namba ya mtu unayemjua, umempata mhusika bila kumshuku mtu yeyote.

Geuza upande wa pili. E ameingia kikundi mwisho, jina lake limeongezwa chini ya orodha, lakini jumla ya pointi kwenye simu bado inahesabu wanne wa kwanza tu: 354. Kiwango kinaruka hadi 141.24. Kila mtu anafurahi, mwaka huu mambo ni moto! Jumlisha mafungu: 56,920.90. Kapu lina 50,000. Zile 6,920.90 za ziada zigawe kwa 141.24 na unapata 49, pointi za E. Kundi likianza kulipa kutoka juu, A hadi D watabeba zote, kwa sababu ndio wa kwanza kwa foleni. E atafika akute kapu tupu: 50,000 toa mafungu ya wale wanne, zimebaki sifuri. Pointi 354 zimekula kapu lote. Huyo mdogo aliyeingia mwisho ndiye ataambiwa "pesa imeisha."

Sasa nikwambie kwa nini makosa haya hukaa miaka bila kuonekana. Ni kwa sababu ya namna watu "wanakagua." Mwenye kalamu anachukua kiwango, anakizidisha na jumla ya pointi, anapata 50,000, anapiga mhuri. Lakini kiwango alikipata kwa kugawa 50,000 na jumla hiyo hiyo! Ukigawa kisha ukazidisha na namba ile ile, lazima urudi ulikotoka. Jumla iwe 403, 440 au 354, jibu litakuwa 50,000 kila siku. Huo si ukaguzi. Ni kujitazama kwa kioo na kusema umeonana na shahidi.

Ukaguzi wa kweli unajumlisha safu ya mafungu yenyewe, jina kwa jina, kile kilichotumwa, kisha unalinganisha na kapu. Na kapu hilo linatoka kwa taarifa ya benki au ya M-Pesa, likiandikwa peke yake kabla ya kugawa. Mtu akijaza kapu kwa kujumlisha mafungu, amekupeleka kwa kioo kingine.

Kama mnatumia Excel au Google Sheets, weka kapu kwenye B1, pointi kwenye B4 hadi B8, mafungu kwenye C4 hadi C8. Fungu la kwanza, bila senti, ni hili:

```
=ROUNDDOWN($B$1*B4/SUM($B$4:$B$8),0)
```

Unaivuta chini hadi C8. Alama za dola hapo si mapambo. Zinashikilia kapu na jumla zisiteleze unapovuta fomula chini. Ukiziondoa, mstari wa pili utatafuta kapu kwenye B2, ambako hakuna kitu, na jumla itamwacha mtu wa kwanza nje. Kisha hundi, kwenye C10:

```
=SUM(C4:C8)-$B$1
```

Kwa wachumaji wetu itaonyesha -3. Ukishawapa C, A na B shilingi zao, lazima isome 0. Ikisoma kitu kingine, usitume pesa. Iwe usiku, iwe watu wanapiga simu, usitume.

Wanaogawa kwa mshahara msijione mmepona. Kwenu pointi ni mshahara, na mtego wenu ni mwezi. Jumla imetolewa kwenye orodha ya Januari, mafungu yamehesabiwa kwa mishahara ya Disemba baada ya wengine kuongezwa. Mafungu yatazidi kapu. Chagua kipimo kimoja, kwa mfano mshahara wote ambao mtu amelipwa mwaka mzima, kisha jumla na mafungu vyote vitoke kwenye safu hiyo hiyo. Hapo hata aliyeanza Julai anajipima mwenyewe, bila mjadala.

Kwa majani mabichi mtego ni mizani. Chai hupimwa kituoni mbele yako, kisha inapanda lori, inapoteza maji njiani, inapimwa tena kiwandani. Namba hizo mbili haziwezi kuwa sawa. Kama wewe unalipwa kwa kilo za risiti yako, basi kapu lazima ligawiwe kwa jumla ya kilo za risiti zote. Ukigawa kwa kilo za mizani ya kiwanda na kulipa kwa kilo za risiti, hesabu haitafunga hata malaika wakiisimamia.

Kisha makato. Mbolea, mkopo, adivansi. Hapo ndipo watu hupotezwa kabisa kwa sababu pesa iliyoingia kwa simu haifanani na fungu. Usichanganye. Kwanza mafungu kabla ya makato yajumlishwe yafike kapu. Pili, kwa kila mtu, kilichoingia pamoja na kilichokatwa kifike fungu lake. Hundi mbili, mistari miwili. Mtu akikuambia "hiyo imemezwa na makato," mwambie aonyeshe mstari wa pili.

Ngoja nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: sifuri kwenye hundi haimaanishi kila kitu ni safi. Chukua pointi kumi za C umpe D. Jumla bado ni 403, mafungu bado yanafika 50,000, hundi inasoma 0, na C ameibiwa zaidi ya shilingi 1,240 mchana kweupe. Jumla inalinda kapu. Haimlindi C. Anayemlinda C ni C mwenyewe, na daftari lake la siku alizofanya kazi. Ndiyo maana mama akikwambia weka risiti za chai kwenye mfuko wa karatasi nyuma ya kabati, weka. Usizitumie kuwasha jiko.

Na sifuri haikuambii kama kapu lilikuwa dogo kuliko lilivyofaa. Hiyo ndiyo vita ya kwanza, ya Mombasa na gharama, na endelea kuipigana. Lakini usimkubali mtu anayetumia vita hiyo kujificha. "Bei ya mnada ilikuwa mbaya" ni jibu la kwa nini kapu ni dogo. Si jibu la kwa nini mafungu hayafiki kapu. Bei mbaya haiwezi kupoteza pointi 37 za F.

Najua majibu yatakayokuja. "Ni kompyuta inahesabu." Kompyuta inahesabu ilichoambiwa, na ile jumla ya 354 pia ilitoka kwa kompyuta. "Hamtuamini?" Buda, kujumlisha si tusi. Dukani mtu akihesabu chenji yake mbele yako hukasiriki. "Ni pesa kidogo, mbona kelele?" Kwa sababu tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokutana: mmoja amezidishiwa elfu tano, mwingine amepunguzwa elfu nne mia tisa tisini na saba, na wewe unaona tatu.

Kwa hivyo mkutano ujao, iwe ni wa kiwanda, wa kikundi, au wa ndugu wanne chini ya namba moja ya chai, usiulize kiwango kwanza. Uliza kapu ni ngapi na limetoka kwa karatasi gani. Uliza limegawiwa kwa jumla gani, na nani yuko ndani ya hiyo jumla. Halafu omba mafungu yasomwe moja moja, wewe ukijumlisha kwa simu yako. Ikifika kapu, piga makofi. Isipofika, chukua tofauti, igawe kwa kiwango, utaje namba utakayopata kwa sauti. Kuna mtu mle ndani ataitambua.